Alama tatu zinazomfichulia mwenye duka mteja anayeondoka

WENYE maduka wengi huwafahamu wateja wao kwa sura. Wanajua nani huja kila wiki, nani hulipa bila kubishana na nani huulizia bei kisha akaenda zake. Kile ambacho sura haiwezi kuonyesha ni mteja aliyeacha kuja. Asiyekuwepo hasimami mbele ya kaunta, na pengine miezi mitatu hupita kabla ya mwenye duka kujiuliza, "Hivi yule mzee wa ng'ombe alienda wapi?"

Ipo njia ya kale ya kumtambua mteja wa aina hiyo mapema, na pia ya kuamua ni nani anayestahili kupunguziwa bei, ni nani anayestahili kupigiwa simu na ni nani asiyefaa kugharimiwa hata senti. Wataalamu wa biashara huiita kwa herufi RFM. Kwa Kiswahili chepesi, mteja hupimwa kwa mambo matatu: ukaribu, yaani siku zilizopita tangu anunue mara ya mwisho, marudio, yaani mara ngapi amenunua katika kipindi kilichochaguliwa, na thamani, yaani jumla ya fedha alizolipa katika kipindi hicho.

Njia hii ilikomaa miongoni mwa kampuni za Marekani zilizokuwa zikiuza bidhaa kwa kutuma vitabu vya orodha kupitia posta. Kila kitabu kiligharimu fedha kuchapishwa na kutumwa, kwa hivyo muuzaji alilazimika kuchagua atakayetumiwa. Mmarekani Arthur Hughes aliieleza kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 1994, ambamo wateja hugawanywa katika mafungu matano kwa kila kipimo, na hivyo kupata makundi 125. Aliye bora kabisa hupewa alama 555, na aliye mwisho 111. Tarakimu ya ukaribu huandikwa kwanza kwa sababu wauzaji hao waligundua kwamba mtu aliyenunua juzi ndiye mwepesi zaidi kuitikia akialikwa tena, hata kumshinda aliyetumia fedha nyingi zamani.

Daftari kabla ya alama

Chukua mfano wa duka la pembejeo za kilimo katika mji mdogo wa Uasin Gishu. Duka hilo huuza lishe ya ng'ombe wa maziwa, dawa za mifugo, mbegu za mahindi, mbolea na dawa za kuua wadudu. Mwenye duka ana kumbukumbu za wateja 400 ambao majina na nambari zao za simu zimo katika daftari la risiti. Tarehe ya hesabu ni Septemba 30, na kipindi kinachotazamwa ni miezi 12 iliyotangulia.

Kazi ya kwanza ni kusafisha kumbukumbu, na ndiyo inayochukua muda mrefu kuliko zote. Mtu mmoja mwenye laini mbili za simu huonekana kama wateja wawili hafifu ilhali ni mmoja mzuri, kwa hivyo sharti aunganishwe. Risiti mbili za siku moja huhesabiwa kuwa ziara moja; anayesahau chumvi ya ng'ombe akarudi baada ya dakika kumi hajawa mteja wa mara mbili. Bidhaa iliyorudishwa huondolewa.

Jambo linalowapotosha wengi ni mkopo. Thamani ya mteja ni fedha alizolipa, wala si mali aliyochukua. Mwenye duka akijumlisha bidhaa zilizotoka dukani, mdeni sugu anaweza kujikuta kileleni mwa orodha na kupewa heshima ya mteja bora huku akilidai duka subira mwaka mzima. Deni liandikwe katika safu yake pekee.

Daftari likiwa safi, kila mteja hubaki na mstari mmoja wenye tarehe ya mwisho aliyonunua, idadi ya ziara na jumla ya malipo.

Mafungu matatu yanatosha

Makundi 125 ya Hughes yaliwafaa wauzaji wenye wateja maelfu kwa maelfu. Duka lenye wateja 400 likijigawa hivyo litapata wastani wa watu watatu katika kila kundi, na hakuna la maana linaloweza kujifunza kutokana na watu watatu. Kwa duka dogo, mafungu matatu kwa kila kipimo yanatosha. Hayo huzaa makundi 27, yenye wastani wa watu 15 hivi kila moja.

Wateja hupangwa kwanza kwa ukaribu, aliyenunua karibuni zaidi akiwa juu. Theluthi ya juu hupewa alama 3, ya kati 2 na ya chini 1. Kisha orodha hupangwa upya kwa marudio, na baadaye kwa thamani. Wateja wenye hesabu sawa kabisa mpakani hupewa alama moja, hata kama fungu moja litazidi jingine kidogo.

Tuseme katika duka hili mipaka imeangukia hapa: aliyenunua ndani ya siku 21 anapata 3 ya ukaribu, wa siku 22 hadi 100 anapata 2, na aliyepitisha hapo anapata 1. Kwa marudio, ziara 20 na zaidi ni 3, ziara tano hadi 19 ni 2, na chini ya hapo ni 1. Kwa thamani, Sh40,000 na zaidi ni 3, Sh8,000 hadi chini ya Sh40,000 ni 2, na kiasi kilicho chini yake ni 1.

Sasa watazamwe wateja watano. Wa kwanza ni mfugaji wa ng'ombe wa maziwa aliyenunua siku nne zilizopita, amekuja mara 48 na kulipa Sh168,000. Alama yake ni 333. Wa pili ni mama anayefuga kuku. Alinunua siku tisa zilizopita, amekuja mara 30 na kulipa Sh27,000. Yeye ni 332. Wa tatu ni mpita njia aliyenunua dawa ya minyoo ya Sh600 mara moja, siku 316 zilizopita, na alama yake ni 111.

Wa nne ni mkulima wa mahindi. Alinunua mbegu Februari, mbolea ya kupandia Machi, mbolea ya kukuzia Mei na dawa ya viwavijeshi Juni 12. Ziara zake ni nne na malipo ni Sh92,000. Siku 110 zimepita, hivyo alama yake ni 113.

Wa tano ni mfugaji mwingine wa maziwa. Alikuja mara 36 kuanzia Oktoba 2 na kulipa Sh126,000, lakini mara ya mwisho ilikuwa Julai 3, siku 89 zilizopita. Alama yake ni 233.

Alama zinapodanganya

Anayesoma alama hizo kijuujuu atafanya makosa mawili. Atamwona mkulima mwenye 113 kama mteja mkubwa aliyepotea na kuanza kumfuata kwa simu na vipunguzo. Atamwona mfugaji mwenye 233 kama mteja mzuri aliyelegea kidogo tu, asiyehitaji haraka.

Ukweli ni kinyume. Mwezi Septemba mahindi ya eneo hilo yangali shambani yakikomaa, na mkulima hana anachohitaji dukani. Mwaka uliotangulia pia alinyamaza kuanzia Juni hadi Februari, kisha akarudi. Kumpunguzia bei ya mbolea mnamo Septemba ni kumrushia kamba mtu aliyesimama nchi kavu.

Mfugaji ndiye anayezama. Kati ya Oktoba 2 na Julai 3 kuna siku 274. Katika muda huo alikuwa na ziara 36, maana yake vipindi 35 kati ya ziara moja na nyingine. Ukigawanya 274 kwa 35 utapata kwamba alikuwa akija kila baada ya siku nane hivi. Sasa amekaa siku 89, zaidi ya mara 11 ya mwendo wake wa kawaida. Ng'ombe hali lishe kwa msimu. Ama mifugo wake wameuzwa, ama amepata duka jingine.

Chanzo cha kosa ni kwamba watu wenye mwendo tofauti wamepimwa kwa kipimo kimoja. Mipaka ya siku 21 na 100 ilitokana na mchanganyiko wa wafugaji na wakulima wa msimu. Haikuwa ya kweli kwa upande wowote. Dalili ya kosa hili huonekana kwa urahisi: mwenye duka akihesabu alama mwezi Aprili na kuhesabu tena Septemba, kundi kubwa litakuwa limeporomoka kutoka 3 hadi 1 kwa pamoja. Wateja hawaondoki kwa pamoja namna hiyo. Kinachobadilika kwa pamoja ni majira.

Orodha mbili badala ya moja

Dawa ni kuwatenganisha wateja kulingana na wanachonunua kabla ya kutoa alama yoyote. Tuseme kati ya wale 400, watu 250 hununua hasa lishe na dawa za mifugo, na 150 hununua hasa mbegu na mbolea. Anayenunua vyote viwili awekwe kwenye orodha zote, kila upande ukihesabiwa kivyake.

Katika orodha ya wafugaji, mipaka ya theluthi husogea. Kwa kuwa wengi wao huja kila wiki au kila wiki mbili, alama 3 ya ukaribu sasa ni ndani ya siku 10, alama 2 ni siku 11 hadi 35, na alama 1 ni zaidi ya hapo. Marudio sasa yanadai ziara 26 ili kupata 3, na thamani inadai Sh60,000. Mfugaji wa kwanza anabaki 333 na mama wa kuku anabaki 332. Lakini mfugaji aliyenyamaza anatoka 233 na kuwa 133. Hiyo ndiyo alama ambayo mwenye duka anapaswa kuitafuta kwanza kila mwezi: aliyekuwa akija mara nyingi, aliyekuwa akilipa vizuri, na ambaye haonekani tena.

Katika orodha ya wakulima, siku hazifai kabisa. Hata wastani wa siku kati ya ziara haufai, kwa kuwa ziara zao nne hubanana ndani ya miezi minne kisha hufuata ukimya mrefu. Hapa ukaribu hupimwa kwa misimu ya kupanda: aliyenunua msimu wa mwaka huu apewe 3, aliyenunua mwaka jana lakini si mwaka huu apewe 2, na aliyekosa yote miwili apewe 1. Marudio yawe idadi ya misimu aliyonunua kati ya mitatu iliyopita. Kwa kipimo hicho, mkulima wa mfano, ambaye amenunua misimu yote mitatu na malipo yake yamo katika theluthi ya juu, anatoka 113 na kuwa 333. Ni mtu yule yule na daftari lile lile.

Orodha hii inahitaji kumbukumbu za miaka mitatu. Duka lililofunguliwa mwaka jana litalazimika kusubiri, na ni heri kusubiri kuliko kutumia alama zisizo na msingi.

Nani atendewe nini

Makundi 27 hayahitaji matendo 27. Kwa duka la ukubwa huu, matendo manne yanatosha.

Wenye 333 na 332 wanahitaji huduma, si kipunguzo. Tuseme faida ya gunia moja la lishe ni Sh200. Mfugaji anayenunua gunia moja kila ziara humletea mwenye duka faida ya Sh9,600 kwa ziara 48. Akipunguziwa Sh100 kwa kila gunia, Sh4,800 za faida hiyo zitakuwa zimetolewa kwa mtu ambaye angenunua vivyo hivyo. Kinachomfaa zaidi ni kuhakikishiwa kwamba gunia lake limewekwa kando wakati lishe inapokuwa adimu.

Wenye 133 wanahitaji kufikiwa na mtu, kwa simu au ana kwa ana, na swali la kwanza liwe kuhusu mifugo wala si kuhusu kununua. Jibu lenyewe lina thamani. Akisema ameuza ng'ombe, jina lake litolewe kwenye orodha. Akisema lishe aliyouziwa ilikuwa na ukungu, mwenye duka amepata habari inayowahusu pia wateja wengine ambao bado hawajaondoka.

Wenye 311, yaani walionunua karibuni kwa mara ya kwanza na kiasi kidogo, mara nyingi hudharauliwa kwa sababu ya zile 1 mbili. Wengi wao si wateja wabaya bali ni wageni. Kinachotafutwa kwao ni ziara ya pili, na hapo ndipo kipunguzo kidogo chenye tarehe ya mwisho kinaweza kuwa na maana.

Wenye 111 waachwe. Mwenye duka akimtuma mhudumu kwa bodaboda ya Sh150 kumtembelea mpita njia ambaye ununuzi wake wa Sh600 ulileta faida ya Sh60, atapata hasara hata kama kila anayetembelewa atarudi.

Hesabu inayotenganisha anayestahili na asiyestahili ni moja: gharama ya kumfikia mtu mmoja igawanywe kwa faida inayotarajiwa kutoka kwa mmoja anayerudi. Kwa mfugaji aliyenyamaza, tuseme akirudi atanunua magunia 12 katika wiki 12, faida ikiwa Sh2,400. Gawanya Sh150 kwa Sh2,400. Jibu ni asilimia 6.25, maana yake mmoja akirudi kati ya 16 waliotembelewa, safari zote zimejilipa. Kwa mpita njia, Sh150 kwa Sh60 ni asilimia 250, jambo lisilowezekana.

Kupima kama juhudi zimezaa

Wapo wateja wanaorudi wenyewe bila kuitwa. Mwenye duka akiwapigia simu wote wenye 133 na baadhi wakarudi, atadhani simu ndiyo iliyowarudisha wote. Njia ya kujua ni kuwaacha baadhi yao bila kuguswa.

Tuseme wenye alama hiyo ni 20. Majina yaandikwe kwenye vikaratasi, yachanganywe, na 10 yachotwe bila kuangalia. Hao wapigiwe simu. Wengine 10 wasubiri. Baada ya siku 30, kama wamerudi wanne kati ya waliopigiwa na watatu kati ya wasiopigiwa, simu imeleta mtu mmoja tu, wala si wanne. Tena kwa idadi ndogo kama hiyo, tofauti ya mtu mmoja yaweza kuwa bahati. Jaribio lirudiwe miezi mitatu au minne na matokeo yajumlishwe kabla ya kuamini lolote. Waliosubiri wanaweza kupigiwa simu mwezi unaofuata, ili wasipotee kwa ajili ya hesabu.

Uchaguzi usifanywe kwa kuangalia majina. Mwenye duka akijichagulia, atawapigia anaoelewana nao, na hao ndio ambao wangerudi hata hivyo.

Mipaka ya njia yenyewe

Alama hizi hutazama nyuma. Hazijui kwamba mteja amehamia Nakuru, wala kwamba duka jipya limefunguliwa ng'ambo ya barabara. Zinaonyesha kwamba kuna jambo limetokea. Sababu yake hupatikana kwa kuuliza.

Aidha, ununuzi mmoja mkubwa huweza kuzivuruga. Mtu aliyenunua pampu ya maji ya Sh45,000 mara moja atapata alama ya juu ya thamani ilhali huenda asihitaji nyingine kwa miaka mingi. Bidhaa za namna hiyo ni bora zihesabiwe kando, au wastani wa malipo kwa ziara utazamwe pamoja na jumla.

Mwisho, nambari ya simu iliyoandikwa kwenye risiti haimpi mwenye duka ruhusa ya kuitumia apendavyo. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 hairuhusu habari za mtu kutumiwa kwa biashara pasipo idhini yake, isipokuwa pale ambapo sheria imeruhusu naye akawa amearifiwa. Njia rahisi ni kumuuliza mteja wakati wa kuandika nambari yake iwapo angependa kupokea simu au arafa za duka, na kuweka alama ya ndiyo au la kando ya jina. Anayesema la bado anaweza kuhesabiwa ziara zake, lakini hapigiwi simu.

Hesabu yote ikirudiwa mwishoni mwa kila mwezi, huchukua alasiri moja kwa mwenye daftari safi. Linalotazamwa kwanza kila mara ni majina yaliyoshuka hadi 133 tangu mwezi uliotangulia. Mfugaji wa mfano alinyamaza Julai 3. Hesabu ya mwisho wa Julai ingemkuta na siku 28 za ukimya na alama 233 katika orodha ya wafugaji, na ile ya mwisho wa Agosti ingemkuta na siku 59 na alama 133. Mwenye duka angejua mwezi mmoja mapema, wakati ambapo huenda mteja huyo alikuwa bado anajaribu duka jingine na hajazoea njia ya kwenda huko.